Taa ya PCS Imewaka Baada ya Kubadilisha Kioo au Kugongwa Bampa: Uliza Kwanza Inawaka Lini

Gari likitoka kubadilishwa kioo cha mbele, au likiguswa na tuktuk pale sokoni Malindi, kisha taa ya manjano ya PCS, mfumo wa breki ya dharura inayojifunga yenyewe, ikawaka kwenye dashibodi, mwenye gari huambiwa neno moja tu: kalibresheni. Mara nyingi neno lenyewe ni la kweli, ila limetamkwa mapema mno. Kalibresheni ni kuifundisha kamera au rada upya kwamba mbele ya gari ni wapi. Haiwezi kunyoosha breketi iliyopinda, haiwezi kusafisha kioo, na haiwezi kukausha plagi iliyoingia maji ya chumvi. Ukiifanya juu ya kasoro, ama mashine itakataa, ama itakubali na taa itarudi baada ya siku chache, na pesa imeshakwenda.

Kwa hiyo gari la namna hii likiingia kwangu sianzi na mashine. Naanza na dereva, na swali la kwanza ni hili: inawaka lini? Jibu lake hupunguza kazi nusu nzima.

Nitazungumzia magari ya Kijapani yaliyotumika, maana ndiyo yaliyojaa barabara zetu kutoka Malindi hadi gati la Mokowe, na mfano wa kufuata hatua kwa hatua utakuwa Toyota C-HR ya 2018.

Gari lako lina nini, na kiko wapi

C-HR ina macho mawili. Kamera moja imekaa juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, imefungwa kwenye breketi iliyogandishwa kwenye kioo chenyewe. Jicho la pili ni rada, nayo imejificha nyuma ya beji ya Toyota kwenye grili. Kubadilisha kioo kunaigusa kamera, na kugongwa mbele kunaigusa rada.

Si kila gari liko hivyo. Axio na Fielder zilizoanza kupewa mfumo huu mwaka 2015 zina kisanduku kimoja tu kilichobeba kamera na leza pamoja, na kisanduku hicho kiko kwenye kioo. Bampa ya Axio ikigongwa, nyuma ya beji hakuna rada ya kuharibika. Subaru Forester ya miaka hiyo yenye EyeSight, mfumo wa Subaru wa kazi hiyo hiyo, ina kamera mbili, kushoto na kulia ya kioo cha kutazamia nyuma, na haina rada ya mbele. Nimeona karatasi ya makadirio ya matengenezo imeandikwa "kupanga rada ya mbele" kwa Forester ya aina hiyo. Mwenye gari angelipa kazi ya kifaa ambacho hakipo.

Kwenye C-HR kuna njia rahisi ya kujua jicho lipi linaumwa kabla hujafungua hata skrubu moja. Onyo la kutoka kwenye mstari wa barabara na taa kubwa zinazojishusha zenyewe usiku hutegemea kamera peke yake. Breki ya dharura, ile ya PCS, na krusi inayofuata gari la mbele hutegemea rada ikisaidiana na kamera. Basi kama onyo la mstari bado linafanya kazi ila PCS na krusi vimelala, elekea kwenye rada. Kama na onyo la mstari limekufa, anza kwenye kioo.

Kabla ya yote, hakikisha hakuna aliyezima mfumo kwa kidole. Taa ya PCS iliyowaka tuli bila kupepesa mara nyingi maana yake imezimwa kwa swichi, na ukizima VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kwa kubonyeza na kushikilia, PCS huzimika nayo. Taa inayopepesa ndiyo inayosema kuna hitilafu au kizuizi cha muda. Dashibodi nyingi zinakuja na maandishi ya Kijapani, kwa hiyo mwambie dereva apige picha ya ujumbe pindi unapotokea. Picha hiyo ina thamani kuliko simulizi ya "kuna kitu kimeandikwa kikapotea".

Inawaka pale pale unapowasha gari

Taa ikiwaka kabla gari halijasogea, kifaa hakijapata nafasi ya kutazama barabara. Kwa hiyo hakilalamikii kilichoonekana. Kinasema ama hakijawahi kupangwa, ama hakisikiki kwenye mtandao wa gari.

Hapa unahitaji mashine inayofungua kompyuta zote za gari. Vile vidude vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani vingi husoma injini tu, na vitakuambia gari halina kosa huku taa inapepesa mbele yako. Ukiwa na Techstream, programu ya Toyota ya kusomea magari, au mashine nyingine inayoingia ndani ya mfumo wa rada, tofautisha kodi hizi za hitilafu:

```
C1A14   rada haijapangwa mhimili wake
C1A11   rada imegundua mhimili wake umehama
U0235   rada haisikiki kwenye mtandao
```

C1A14 utaikuta rada ikiwa imebadilishwa na haijapangwa. C1A11 ni rada ambayo ilikuwa imepangwa, ikasukumwa. U0235 haihusiani na kalibresheni hata kidogo, na ndiyo inayowapotezea watu fedha zaidi. Rada haisikiki kwa sababu fundi wa bodi alisahau kurudisha plagi, au waya ulibanwa na bampa, au pini zimeliwa na chumvi.

Hilo la chumvi lipo sana kwetu. Mtu anaacha gari Mokowe, anavuka kwa boti kwenda Amu, anakaa wiki mbili, na gari linabaki limeelekea baharini. Kama kugongwa kule kulipasua kiganda cha plagi au kuliondoa mpira wake wa kuzuia maji, hewa peke yake inatosha kuotesha ukungu wa kijani kwenye pini. Chomoa plagi, itazame kwenye mwanga, kisha upime kama umeme wa betri na ardhi vinafika. Vikiwa vipo, pima nyaya mbili zilizosokotana za mawasiliano, betri ikiwa imetolewa: ukipata karibu omu 60 mtandao huo ni mzima, ukipata 120 upande mmoja umekatika. Usikwangue pini kwa kisu wala kwa msasa. Safisha kwa dawa ya vifaa vya umeme, na plagi ikiwa imeliwa, badilisha plagi.

Magari mengine huongeza tarakimu mbili mwishoni mwa kodi, na hizo ndizo za kutazamwa: 54 ni kalibresheni haijafanywa, 78 ni mpangilio si sahihi, 87 ni ujumbe haufiki, 97 ni kifaa kimezibwa. Kodi inayoishia na 87 au 97 usiipeleke kwa mtu wa kalibresheni, maana hana la kuitibu.

Inawaka baada ya kwenda kilomita kadhaa

Hii ndiyo dalili yenye maelezo zaidi. Rada nyingi hujikagua zenyewe gari linapokwenda. Zinatazama vitu visivyosogea kando ya barabara, nguzo na mabango, na kulinganisha vinavyopita na mwendo wa gari. Tofauti ikiwa ndogo inajirekebisha kimyakimya. Ikizidi mpaka ulioruhusiwa, inajizima na kuwasha taa. Ndiyo maana dereva anakwambia mjini haiwaki, inawaka akishatoka.

Kosa dogo kiasi gani linatosha? Hesabu yake haihitaji mashine. Chukua breketi yenye upana wa milimita 100. Ncha yake moja ikisukumwa ndani milimita 3, rada imegeuka kwa uwiano wa 3 kwa 100, na kosa hilo linazidi kadiri unavyotazama mbali. Mita 50 mbele, rada inaelekea mita moja na nusu kando. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa kama mita tatu na nusu, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo wake ni mita moja na robo tatu. Gari lililo mbele yako katika njia yako mwenyewe, rada sasa inaliona linakaribia kutoka njiani, na lori linalokuja upande wa pili inaliona linakukaribia kuliko lilivyo. Milimita tatu hizo huzioni ukisimama mbele ya gari. Bampa ya plastiki imesharudi mahali pake, rangi haina hata mkwaruzo, na breketi ya ndani imebaki imepinda.

Dalili zinazotangulia taa, ukimuuliza dereva vizuri, ni krusi inayofunga breki bila sababu ukipishana na gari kwenye kona, au inayochelewa kuliona gari la mbele.

Inakuja na kuondoka

Kama taa inawaka saa nane mchana gari likiwa limesimama juani, na inazimika AC ikishapoza ndani, kamera imezidi joto. Imejizima kujilinda, na itarudi yenyewe. Ikiwaka alfajiri au mvua ikinyesha, tazama unyevu: kioo kinashika ukungu kwa ndani, katika ile nafasi ndogo iliyo mbele ya lenzi ambayo kitambaa hakifiki. Elekeza upepo wa AC kwenye kioo kwa dakika chache uone.

Ikiwaka jua likiwa chini mbele yako, mathalani unarudi kutoka Kakuyuni asubuhi, kamera imepigwa mwanga wa moja kwa moja. Hiyo nayo si hitilafu, mradi iondoke ukigeuka.

Lakini kama hali hizi hazikuwepo kabla ya kubadilishwa kioo na zimeanza baada yake, zinahusu kazi ya kioo. Fungua kifuniko cha kamera. Utakachokuta mara nyingi ni alama za vidole kwenye kioo mbele ya lenzi, vumbi la gundi, au ule mkanda wa tinti wa juu ya kioo ambao fundi wa tinti aliupitisha moja kwa moja mbele ya kamera kwa sababu ulipendeza ukiwa mstari mmoja. Mkanda huo ukatwe pale penye kamera. Hakuna kalibresheni itakayoifanya kamera ione kupitia plastiki nyeusi.

Haiwaki kabisa, na hapo ndipo penye hatari

Watu wengi hufikiri taa isipowaka baada ya kubadilisha kioo, basi kamera iko sawa. Sivyo. Kamera ile ile iliyotolewa kwenye kioo cha zamani na kufungwa kwenye kipya bado imebeba kumbukumbu ya mpangilio wa zamani. Haijui kwamba kioo kimebadilishwa. Inaweza kuendelea kufanya kazi kwa uhakika wote, ikitazama mahali pasipo, bila kodi wala taa.

Hesabu ni ile ile ya breketi. Kamera ikiinuka milimita moja tu katika urefu wa milimita 100, kwa mfano kwa sababu klipu moja haikuingia mpaka mwisho, mita 100 mbele inatazama mita moja juu ya mahali inapodhani inatazama. Umbali inaoukadiria unapotoka, na breki ya dharura inaweza kuchelewa au kuwahi.

Pa kuikamatia ni kwenye onyo la mstari. Nenda mahali barabara imenyooka na mistari yake inaonekana pande zote mbili, kasi iwe ile ambayo mfumo unaanzia kufanya kazi. Sogelea mstari wa kushoto taratibu, kisha wa kulia, barabara ikiwa tupu na mtu wa pili akitazama nje kupitia dirisha. Onyo linatakiwa kulia gurudumu likiwa karibu umbali ule ule na mstari kila upande. Likilia mapema upande mmoja na likichelewa upande mwingine, au likilia gari likiwa katikati, kamera imegeuka. Breki ya dharura usiijaribu hivi. Kuna watu wanaoweka maboksi njiani na kuyaendea, na wengine wanamsimamisha kijana wa gereji. Kamera iliyopotoka ndiyo hasa isiyotakiwa kupewa jaribio hilo.

Kioo chenyewe

Kabla ya kulaumu kamera, linganisha kioo kipya na cha zamani, na ndiyo sababu napenda kioo cha zamani kisitupwe mpaka gari limekwisha. Breketi ya kamera iwe imegandishwa kiwandani, si kung'olewa kwenye kioo kilichovunjika na kubandikwa kwa gundi ya dukani. Ile sehemu safi iliyoachwa katikati ya rangi nyeusi iwe mahali pale pale na kwa umbo lile lile. Kama kioo cha zamani kilikuwa na nyaya nyembamba za kupasha joto mbele ya kamera, kipya kiwe nazo. Kioo cha bei ya chini kinaweza kuwa na mawimbi madogo ambayo jicho lako haliyaoni. Tazama mstari wa nguzo au ukingo wa ukuta kupitia sehemu hiyo huku ukisogeza kichwa: mstari ukicheza, kamera nayo inauona ukicheza.

Gundi ya kioo hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na kwa joto na unyevu wa pwani hatucheleweshwi sana. Hata hivyo fuata muda ulioandikwa kwenye tyubu. Kioo kikiwa bado kinakaa, kamera inakaa nacho, na ukipanga siku hiyo hiyo saa moja baada ya kubandika unapanga kitu ambacho kitasogea.

C-HR iliyotoka Gongoni

Gari hili lilikuwa likibeba wageni kati ya uwanja wa ndege wa Malindi na Watamu, na mara moja moja kupanda hadi Mokowe. Jiwe liliruka kutoka kwa lori la chumvi huko upande wa Gongoni, kioo kikapasuka, kikabadilishwa. Hakuna taa iliyowaka. Baadaye tuktuk ikarudi nyuma ikagusa grili, beji ikavunjika, bampa ikarudi yenyewe. Beji mpya ikanunuliwa, na siku zilizofuata taa ya PCS ikaanza kupepesa. Gari lilikwisha kupelekwa kwingine likafanyiwa kalibresheni ya rada, taa ikazimika, kisha ikarudi.

"Fundi, mjini haina neno," dereva akaniambia. "Nikishapita Msabaha kuelekea Gede, ndipo inaanza."

"Na ile king'ora ya mstari?"

"Hiyo ipo. Ila siku hizi inanisumbua, nikiwa sawasawa njiani inalia upande wa kushoto."

"Tangu tuktuk?"

Akafikiri. "La, kaka. Tangu kioo."

Maneno hayo yalitosha kuonyesha kwamba magonjwa yalikuwa mawili. Taa ilikuwa ya rada, kwa sababu onyo la mstari lilikuwa hai na taa ilihitaji mwendo ndipo iwake. Lakini kamera nayo ilikuwa imepotoka kabla ya tuktuk, bila kuwasha chochote. Ambaye angeitibu taa peke yake angerudisha gari likiwa nusu tu limepona.

Mashine ilitoa C1A11. Haikuwa C1A14, kwa hiyo rada ilikuwa imepangwa kweli na yule wa kwanza, na ikagundua tena kwamba imehama. Haikuwa U0235, kwa hiyo plagi na nyaya niliziacha zilivyo. Grili ilipotoka, mambo yakajieleza. Breketi ilikuwa imeingia ndani upande wa kulia, si sana, ila ukilaza rula juu yake mwanga ulipita chini. Aliyetangulia alijaribu kuifidia kwa kukaza skrubu za kurekebishia hadi karibu na mwisho. Kwa siku chache ilishika, kisha kwa mitikisiko ya barabara ikarudi ilikotaka kukaa.

Na beji. Beji halisi ya gari lenye rada ni laini usoni kama kioo cha simu, na zile herufi zimo ndani ya plastiki. Rangi yake ya fedha imewekwa kwa namna ambayo mawimbi yanapita. Iliyonunuliwa ilikuwa ya kromu iliyoinuka, ile ya kawaida ya gari lisilo na rada. Rada hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 77 hivi, ambayo urefu wake ni karibu milimita 4. Kwa mawimbi mafupi hivyo, matuta ya kromu ni ukuta mahali pengine na kioo cha kupinda mahali pengine. Beji ya namna hiyo peke yake inatosha kuiyumbisha rada hata breketi ikiwa mpya.

Tulibadilisha breketi. Hainyooshwi kwa nyundo, maana chuma kilichopinda na kunyooshwa hakirudi katika usawa ule wa mwanzo na huna pa kukipimia. Tukatafuta beji sahihi, iliyotoka kwenye C-HR nyingine yenye rada. Halafu alaimenti ya magurudumu, kwa sababu rada na kamera hupangwa kufuata mwelekeo ambao gari linakwenda, na mwelekeo huo unatokana na magurudumu ya nyuma. Gari linalotembea likiwa limeegemea upande, ukilipangia rada kwa kufuata bodi, umeipanga vibaya kwa ufundi mkubwa. Baada ya alaimenti, usukani ukiwa sawa, kihisi cha pembe ya usukani kikarudishwa kwenye sufuri.

Kwenye kioo, klipu moja ya kamera ilikuwa haijaingia mpaka mwisho. Nikaibonyeza ikaingia. Hata hapo haikutosha, kwa sababu hakuna ajuaye kioo kipya kimekaa vipi kulinganisha na cha zamani. Kamera ikaingia kwenye orodha ya kupangwa pamoja na rada.

Uwanja wa kupangia

Kamera ya gari hili hupangwa kwa bango lenye alama, likisimamishwa mbele ya gari kwa umbali na urefu uliotajwa kwenye mwongozo wa gari lenyewe. Rada hupangwa kwa kiakisi cha chuma chenye umbo la pembe tatu, baada ya kwanza kusawazisha uso wa rada wima kwa kipima mwinamo. Vipimo usivikariri kutoka gari moja hadi jingine. Mstari wa katikati ya gari unashushwa ardhini kwa timazi, mbele na nyuma, na kila kitu kinapimwa kutoka hapo.

Shida yetu ni uwanja. Gereji nyingi za hapa ni mchanga au kabro iliyobonyea, na sakafu ikiinama, mwinamo huo unaingia kwenye kamera. Paa la makuti lenye matundu huangusha michirizi ya jua juu ya bango, na kamera inashindwa kusoma alama. Ua wa mabati ni mbaya zaidi kwa rada, kwa sababu mabati yanaakisi kuliko kiakisi chenyewe, na unaweza kuipanga rada kwa ukuta wa jirani. Upepo wa kusi nao unalisukuma bango. Kazi ya C-HR ilifanyika ndani ya ghala tupu lenye sakafu ya zege, milango ikiwa imefungwa na vyuma vyote vikiwa vimeondolewa mbele. Tairi zilijazwa upepo sawasawa, mizigo ya wageni ikatolewa, na chaja ya betri ikafungwa, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya zoezi mashine hukata na unaanza upya.

Mashine ikikataa kukamilisha, usirudie tu ukitumaini. Rada inayokataa huku skrubu zimefika mwisho inakuambia breketi bado si sawa. Kamera isiyoliona bango inakuambia mwanga, kioo au umbali. Kama kila kipimo ni sahihi na kodi ya hitilafu ya ndani, C1A10 kwa rada hii, inarudi kila ukiifuta, hapo ndipo rada yenyewe inashukiwa.

Jaribio la mwisho lilikuwa barabara ya kuelekea Kilifi, kupita Msabaha na Gede hadi mbele. Taa haikuwaka, krusi ilishika gari la mbele bila kushtuka kwenye kona, na onyo la mstari lililia sawa pande zote mbili. Mwendo huo usikatwe mfupi. Rada inahitaji muda wa kujikagua, na gari likizunguka mjini tu halijathibitisha chochote.

Bampa iliyopakwa upya

Kwenye magari ambayo rada iko nyuma ya ngozi ya bampa, na hasa zile mbili za pembeni mwa bampa ya nyuma zinazotazama gari linalokupita, adui ni fila, ile dawa ya kujazia mabonde kabla ya kupaka rangi. Tabaka la fila la milimita moja au mbili, juu yake rangi ya metaliki na juu yake tena rangi iliyoongezwa ili zilingane, hupunguza mawimbi na kuyapindisha. Dalili yake ni taa ya kioo cha pembeni inayokaa kimya gari likikupita, au inayowaka bila gari. Sehemu iliyo mbele ya rada isizibwe kwa fila wala kuchomelewa plastiki. Ikipasuka hapo, bampa inabadilishwa. Mwambie fundi wa rangi kabla hajaanza, kwa sababu akishamaliza huwezi kuona kilichomo chini.

Na kama ni kazi ya bima, mkaguzi apewe kodi zilizosomwa kabla ya kazi na baada yake, zikiwa na tarehe na kilomita za gari, pamoja na picha ya breketi iliyopinda. Makadirio mengi huandikwa kwa kutazama bampa kwa nje, na breketi ya rada, beji yake na kalibresheni havimo. Viandikwe mapema, kabla bampa haijafungwa tena.